Kabla ya kuilaumu eksesi, soma mistari iliyo juu yake

Gari lenye bima kubwa likigongwa kwenye njia panda ya Lamadi, kisha mwenyewe akalipwa fedha pungufu kuliko alizotarajia, neno la kwanza litakalotajwa akirudi Bariadi ni eksesi. Kwa watu wengi neno hilo limekuwa jina la kila shilingi ambayo kampuni ya bima haikuitoa. Fundi alitaja milioni saba, kampuni imelipa nne, basi tatu zote zimeliwa na eksesi. Hoja ya makala haya ni kwamba lawama hiyo inaweza kumpotosha mdai na kumgharimu fedha. Hesabu ya malipo ya bima huwa na makato kadhaa yanayofuatana, na eksesi kwa kawaida huja mwishoni. Ndiyo iliyo wazi kuliko yote, kwa sababu imeandikwa kwa tarakimu kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Makato yaliyo juu yake hayana tarakimu ya namna hiyo. Yanatokana na makadirio, na makadirio ndiyo yanayoweza kukosewa na ndiyo yanayoweza kubishaniwa. Anayetumia nguvu zake zote kugombana na eksesi anaiacha sehemu ya hesabu ambayo pengine angeshinda.

Tuanze na eksesi yenyewe. Ni ile sehemu ya kila hasara ambayo mwenye bima amekubali kuibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Inaweza kuwa kiasi maalumu, tuseme Sh300,000 kwa kila tukio. Inaweza kuwa asilimia ya dai. Inaweza pia kuwa asilimia yenye kima cha chini, yaani mkataba unasema asilimia 10 ya dai lakini isipungue Sh500,000. Mkataba mmoja unaweza kuwa na eksesi zaidi ya moja: moja ya ajali, nyingine kubwa zaidi ya wizi wa gari, na ya ziada endapo dereva ni kijana au leseni yake ni mpya. Ndiyo maana jibu la wakala kwamba “eksesi yako ni asilimia 10” halijakamilika. Ni asilimia 10 ya nini, kwa tukio la aina gani, na kima cha chini ni kipi?

Pingamizi la kwanza linafahamika: nimelipa ada ya mwaka mzima bila kudai hata senti, kwa nini siku nikipata hasara nibebeshwe sehemu yake? Pingamizi hili lina uzito wa haki ndani yake, lakini linasahau jinsi ada inavyopangwa. Kila dai, hata la kioo cha pembeni au bampa lililokwaruzwa, lina gharama zake za kulishughulikia: fomu, ukaguzi, safari ya mkadiria hasara kutoka Mwanza, na barua. Dai la Sh150,000 linaweza kugharimu kiasi kinachokaribia hicho hicho kulishughulikia, na gharama hizo zote hurudi kwa wateja kupitia ada. Eksesi huyaondoa madai madogo mlangoni. Vilevile humfanya mwenye gari aendelee kuwa na kitu cha kupoteza anapompa mtu funguo au anapoegesha mahali pa hatari. Mteja anayetaka eksesi ndogo, au kuifuta kabisa, katika baadhi ya kampuni anaweza kuinunua kwa kuongeza ada. Kwa hiyo eksesi ni bei, na bei hiyo hukubaliwa siku ya kununua bima. Anayetaka kuibishia afanye hivyo siku hiyo. Siku ya malipo, kinachobaki kuulizwa ni kama imepigwa sawasawa.

Hesabu ya Noah moja

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu za namna ambayo mtu anaweza kukutana nayo. Mfanyabiashara wa pembejeo mjini Bariadi ana Noah ya matumizi binafsi. Sokoni gari la aina hiyo lina thamani ya Sh20 milioni, lakini yeye ameliandikisha kwa Sh15 milioni ili ada ipungue. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada yake ni Sh525,000 badala ya Sh700,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 kwa pande zote mbili, ameokoa Sh206,500 kwa mwaka. Mkataba wake una eksesi ya asilimia 10 ya dai, isiyopungua Sh500,000. Lori la pamba linamgonga ubavuni na mbele. Gereji inaandika makadirio ya Sh7.2 milioni: boneti, taa, rejeta, milango miwili, kunyoosha bodi na kupiga rangi. Baada ya ukaguzi, kampuni inakubali kulipa Sh4 milioni. Zimepungua Sh3.2 milioni.

Karatasi ya hesabu, akiipata, itasomeka hivi kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza: makadirio ya gereji ni Sh7.2 milioni, lakini mkadiria hasara ameidhinisha Sh6 milioni tu. Mstari wa pili: gari liliandikishwa kwa Sh15 milioni wakati thamani yake ni Sh20 milioni, yaani robo tatu tu ya thamani ndiyo iliyokatiwa bima. Kwa hiyo kampuni inabeba robo tatu ya Sh6 milioni, ambayo ni Sh4.5 milioni. Mstari wa tatu: asilimia 10 ya Sh4.5 milioni ni Sh450,000, lakini kima cha chini ni Sh500,000, kwa hiyo inakatwa Sh500,000. Jumla inabaki Sh4 milioni. Sasa tazama mgawanyo wa zile Sh3.2 milioni zilizopotea. Makadirio ya ukaguzi yamekata Sh1.2 milioni. Bima pungufu imekata Sh1.5 milioni. Eksesi, ambayo ndiyo inayolaaniwa mtaani, imekata Sh500,000 tu, chini ya moja ya sita ya pengo lote. Na kato kubwa kuliko yote, lile la Sh1.5 milioni, limezaliwa na uamuzi wa kuokoa Sh206,500 kwenye ada.

Mstari wa kwanza ndio unaopitwa haraka, pengine kwa sababu unaonekana kama suala la ufundi. Mkadiria hasara hupunguza makadirio ya gereji kwa sababu tofauti, na kila sababu ina jibu lake. Anaweza kusema bei ya kipuri ni ya juu kuliko bei ya sokoni. Hapo mdai anahitaji ankara za bei kutoka maduka mawili au matatu ya spea, ya Bariadi na ya Mwanza. Anaweza kusema mlango mmoja ulikuwa umebonyea kabla ya ajali. Hapo picha za gari zilizopigwa siku ya kukata bima ndizo zinazozungumza, na asiye nazo hana la kusema. Anaweza kusema kipuri kinyooshwe badala ya kubadilishwa. Hapo fundi aandike kwa nini hakinyooki. Wakati mwingine hukata pia kwa uchakavu, kwa maelezo kwamba tairi kuukuu au betri ya zamani haiwezi kurudishwa ikiwa mpya kwa gharama ya bima. Kato la uchakavu halikatazwi, lakini liwe na sharti lake kwenye mkataba na liguse vipuri pekee. Malipo ya ufundi hayachakai. Ukiona asilimia ya uchakavu imekatwa kwenye jumla yote, pamoja na kunyoosha bodi na rangi, hapo kuna kosa la kuandikiwa barua.

Mstari wa pili ni mzito zaidi, na una maswali mawili yanayostahili kuulizwa kabla ya kukubali. La kwanza ni kama sharti la bima pungufu limo kwenye mkataba wako. Kama halimo, mstari huo hauna mahali pa kusimama: dai la Sh6 milioni lingekatwa eksesi ya Sh600,000 tu, na malipo yangekuwa Sh5.4 milioni, yaani Sh1.4 milioni zaidi. La pili ni namna thamani ya Sh20 milioni ilivyopatikana. Thamani inayotakiwa ni ya gari hilo, katika hali yake, siku ya ajali. Siyo bei ya gari linalofanana nalo lililotoka bandarini jana. Tuseme mdai anaonyesha kwa matangazo ya mauzo na kwa maoni ya mthamini kwamba Noah yake, kwa umri wake na kilomita zake, ilikuwa na thamani ya Sh17 milioni. Sehemu iliyokatiwa bima sasa ni 15 kwa 17. Dai linakuwa karibu Sh5,294,000, na baada ya eksesi ya asilimia 10 anabaki na karibu Sh4,765,000. Ubishi juu ya thamani umemwongezea Sh765,000, kiasi kinachozidi eksesi nzima aliyokuwa akiilalamikia. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama kwa tarakimu: hata angeshinda kesi ya kufutiwa eksesi yote, angepata nyongeza ya Sh500,000, wakati kosa katika mstari wa pili lilikuwa na thamani zaidi ya hiyo.

Asilimia ya nini, na kwa mpangilio upi

Hata eksesi iliyoandikwa wazi inaweza kupigwa vibaya, na makosa yake ni ya aina chache. La kwanza ni msingi wa asilimia. Asilimia 10 ya dai na asilimia 10 ya thamani iliyokatiwa bima ni vitu viwili tofauti kabisa. Katika mfano wetu, ya pili ingekuwa Sh1.5 milioni, na malipo yangeshuka hadi Sh3 milioni. Ipo mikataba inayotumia msingi huo wa pili, hasa kwa wizi au gari kuharibika kabisa. Kwa hiyo usidhani ni kosa kabla hujasoma, lakini usikubali kabla hujaonyeshwa sentensi yenyewe.

La pili ni mpangilio wa makato. Kama eksesi ni asilimia tupu isiyo na kima cha chini, haijalishi ikikatwa kabla au baada ya bima pungufu. Jibu ni lile lile. Lakini eksesi ikiwa kiasi maalumu, mpangilio unabadilisha fedha. Ukitoa Sh500,000 kwenye Sh6 milioni kwanza, unabaki na Sh5.5 milioni, na robo tatu yake ni Sh4,125,000. Ukianza na robo tatu, unabaki na Sh4.5 milioni, na ukitoa Sh500,000 unapata Sh4 milioni. Tofauti ni Sh125,000 kwa hasara ile ile na mkataba ule ule. Mantiki iko hivi: eksesi inapokatwa kwanza, nayo hupunguzwa na bima pungufu, na mteja amebeba robo tatu yake tu; inapokuja mwisho, ameibeba nzima. Kama mkataba umetaja mpangilio, huo ndio unaofuatwa. Kama haukutaja, mdai ana haki ya kuuliza kwa nini umechaguliwa mpangilio unaompunja yeye, kwa kuwa aliyeandika mkataba ni kampuni, na utata wa maneno yake kwa kawaida ya sheria za mikataba hauwi faida kwa aliyeyaandika.

La tatu hutokea gereji. Kampuni inaweza kulipa gereji moja kwa moja badala ya kumpa mteja fedha mkononi. Katika hali hiyo mteja hulipa sehemu yake kwa gereji ndipo akabidhiwe gari. Bili iliyoidhinishwa ni Sh6 milioni, kampuni inalipa Sh4 milioni, hivyo mteja anadaiwa Sh2 milioni, ambamo eksesi imo tayari. Gereji ikimwambia alipe Sh2 milioni “na eksesi juu yake”, anatozwa mara mbili. Dawa yake ni nyepesi: jumla ya kilicholipwa na kampuni na kilicholipwa na mteja isizidi bili iliyoidhinishwa. Ikizidi, ulizia ni kazi gani ya ziada iliyofanyika na ni nani aliyeikubali kabla haijafanyika.

Lori lilikuwa na kosa, kwa nini mimi nikatwe?

Pingamizi la pili ni kali kuliko la kwanza. Dereva wa lori ndiye aliyekosea, ripoti ya polisi wa usalama barabarani inasema hivyo, lakini mwenye Noah ndiye anayekatwa. Jibu ni kwamba mikataba iko miwili. Ukidai kwa kampuni yako kupitia bima kubwa, unatumia mkataba wako pamoja na masharti yake yote, na mkataba huo haujali nani aliyekosea. Faida yake ni kwamba husubiri lori likubali kosa. Lakini sehemu uliyobeba mwenyewe haijafutika. Bado unaweza kuidai kwa mwenye lori na kwa kampuni iliyolikatia bima, ilimradi bima hiyo inagusa uharibifu wa mali na kosa linathibitika. Mwenye Noah wetu ana Sh500,000 za eksesi na Sh1.5 milioni za bima pungufu, zote zikiwa hasara halisi iliyosababishwa na mtu mwingine. Kampuni yake, kwa upande wake, ikishamlipa huvaa viatu vyake na kuzidai zile Sh4 milioni kwa upande wa lori. Ni busara kuiuliza kwa maandishi kama inaandaa dai hilo, na kama itaijumuisha eksesi ya mteja ndani yake au mteja ajitegemee.

Hapo ndipo desturi moja ya barabarani inapoleta hasara. Ajali ndogo ikitokea kati ya Bariadi na Lamadi au kuelekea Maswa, mara nyingi watu huamua kumalizana pale pale: dereva mwenye kosa anatoa laki mbili au tatu, wanaandikishana karatasi kwamba hawadaiani, kila mmoja anashika njia. Baadaye fundi anagundua kwamba chasisi imepinda. Karatasi ile sasa imeifunga njia ya kumdai aliyekosea, na kwa kuwa imeinyima kampuni haki ya kurudishiwa fedha zake, kampuni inaweza kuitumia kukataa au kupunguza dai. Aliyelinganisha eksesi yake ya laki tano na laki tatu za barabarani alidhani ameokoa, kumbe ameuza dai la mamilioni.

Upande wa pili wa shilingi ni yule aliyegongwa na gari lako. Kampuni inaweza kukutoza wewe eksesi kwa uharibifu uliomsababishia mtu wa tatu, kama mkataba unasema hivyo. Lakini eksesi ni makubaliano kati yako na kampuni. Mwenye bodaboda aliyegongwa hakuyatia saini. Akiambiwa kwamba fidia yake imepunguzwa kwa sababu ya eksesi ya mwenye gari, ana haki ya kuuliza ni kwa mkataba upi.

Kato lisilo na jina kwenye pamba

Simiyu ni mkoa wa pamba kabla ya kuwa mkoa wa magari, na tangu kampuni za bima nchini zilipounda umoja wa bima ya kilimo, TAIC, mwaka 2023, bima ya mazao imezidi kuzungumzwa. Humo mtu hataliona neno eksesi, lakini kato lipo. Katika bima inayotumia wastani wa mavuno ya eneo, hakuna anayekuja kupima shamba lako. Kinachopimwa ni mavuno ya eneo zima, kisha yanalinganishwa na kizingiti kilichowekwa kwenye mkataba. Tuseme wastani wa miaka iliyopita ni kilo 300 kwa ekari, na mkataba unalinda asilimia 70 yake. Kizingiti ni kilo 210. Ukame unapiga na eneo linavuna kilo 180. Mkulima anaona amepoteza kilo 120 kati ya 300, yaani asilimia 40, na kwa kinga ya Sh300,000 kwa ekari anatarajia Sh120,000. Mkataba unahesabu vingine. Pungufu linalolipwa ni kati ya 210 na 180, kilo 30, ambazo ni asilimia 14.3 ya kizingiti. Malipo ni karibu Sh42,900 kwa ekari.

Zile kilo 90 kati ya 300 na 210 ndizo eksesi ya mkulima, ila zimefichwa ndani ya kizingiti na hazitajwi kwenye karatasi ya malipo. Kama eneo lingevuna kilo 215, asingelipwa chochote, hata kama shamba lake binafsi lilikauka lote. Somo ni lile lile la Noah: soma kutoka juu. Maswali ya maana kwa AMCOS au kwa wakala ni matatu: eneo linalopimwa linaishia wapi, wastani umetokana na miaka ipi, na kizingiti ni asilimia ngapi. Kizingiti cha asilimia 80 kingekuwa kilo 240; pungufu lingekuwa kilo 60, robo ya kizingiti, na malipo Sh75,000. Bila shaka ada yake pia ingekuwa kubwa zaidi. Hilo huamuliwa kabla ya kupanda mwezi Novemba. Wakati wa kuvuna limeshapita.

Kwenye kadi za matibabu za kampuni binafsi kuna ndugu mwingine wa eksesi, uchangiaji. Tofauti yake ni kwamba eksesi hukatwa mara moja kwa tukio, lakini uchangiaji hujirudia kila unapoonana na daktari. Asilimia 10 kwa mgonjwa wa kisukari anayechukua dawa kila mwezi ni kato kumi na mbili kwa mwaka. Kwa hiyo kadi yenye uchangiaji ipimwe kwa idadi ya safari za hospitali, na kila risiti itunzwe ili ithibitike kwamba asilimia imekatwa kwenye bei ambayo kampuni ya bima ilikubaliana na hospitali, wala siyo kwenye bei ya mgonjwa wa fedha taslimu.

Kusaini, kukataa na kulalamika

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wanaoijua Bariadi: haya yote ni mazuri kwenye gazeti, lakini mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, umenunuliwa kwa wakala au kwenye dirisha la benki, na mteja amepewa stika ya kielektroniki tu. Ni kweli. Stika huthibitisha kwamba gari lina bima hadi tarehe fulani. Haisemi lolote kuhusu eksesi, kima cha chini wala bima pungufu. Lakini ukweli huo unaunga mkono hoja hii. Anayetakiwa kueleza makato ni yule aliyekata. Mteja hana haja ya kuzimeza kurasa arobaini za mkataba. Anahitaji karatasi moja ya hesabu yenye makadirio ya gereji, kiasi kilichoidhinishwa, kila kato kwa mstari wake, na kando ya kila kato namba ya kifungu kinacholiruhusu. Kato lisiloweza kuonyeshewa kifungu halijathibitishwa. Ahadi ya mdomo ya wakala kwamba “italipwa yote” haitoshi kufuta kifungu kilichoandikwa, lakini ujumbe wake wa simu au barua pepe ni ushahidi wa jinsi bima ilivyouzwa, na ni vyema kuutunza.

Karatasi hiyo iombwe kabla ya kusaini hati ya kukubali malipo, ile ambayo wenye kazi yao huiita dischaji voucha. Hati hiyo kwa kawaida husema malipo ni kamili na ya mwisho. Ukishaisaini, mjadala wa thamani ya Noah au bei ya milango umefungwa, hata kama ulikuwa na hoja nzuri. Wapo wanaosema kukataa kusaini ni kujichelewesha, na gari linaozea gereji. Ni gharama halisi, na kwa tofauti ya Sh50,000 huenda haifai kugombana. Ndiyo maana hesabu itangulie hasira: jua kwanza mstari unaoubishia una thamani gani. Kama ni kubwa, omba kwa maandishi ulipwe kiasi kisichobishaniwa huku kilichobaki kikijadiliwa, na hati isomeke hivyo.

Kampuni ikishikilia msimamo, malalamiko huanzia kwake kwa maandishi. Yakishindikana, TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambaye mlalamikaji hamlipi. Huko, barua inayosema “wamenikata sana” haitafika mbali. Inayosema “mstari wa pili umetumia thamani ya Sh20 milioni, ushahidi wangu ni Sh17 milioni, tofauti ni Sh765,000” inampa msuluhishi kitu cha kuamua. Na mwenye Noah, akishalipwa, ana kazi moja iliyobaki siku ya kuhuisha bima yake: aandikishe gari kwa thamani yake ya sasa, na kama ada imemzidi, aipunguze kwa kukubali eksesi kubwa zaidi. Eksesi ya Sh1 milioni ataijua mapema na anaweza kuiwekea akiba. Bima pungufu hukua pamoja na hasara, na ukubwa wake ataujua siku gari limeshaharibika.